Barua kwa Mkuu wa Shule: kubana na kuorodhesha video za vipindi ili wanafunzi wazitazame bila intaneti (naomba maoni kabla sijaipeleka)

Mwl_Tehama (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za wakati huu. Mimi ni mwalimu wa TEHAMA katika shule ya sekondari. Tuna video nyingi za vipindi zilizorekodiwa darasani, zote zimelala kwenye diski moja ya nje ofisini. Wanafunzi hawazifikii. Ni nzito mno kunakili kwenye simu, majina yake ni namba zilizotolewa na kamera, na kuzipandisha mtandaoni hakuwasaidii wale ambao nyumbani hawana bando. Nimeandika barua ifuatayo. Naomba mnikosoe, hasa kama kuna aliyewahi kukaa kwenye kiti cha mkuu wa shule.

> Mkuu wa Shule,
>
> YAH: OMBI LA KUBANA NA KUORODHESHA VIDEO ZA VIPINDI KWA MATUMIZI YA WANAFUNZI NJE YA MTANDAO
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu.
>
> Video zetu zimerekodiwa kwa takriban kilobiti 2,500 kwa sekunde. Kipindi cha dakika 40 kwa kiwango hicho kinafika karibu MB 800 pamoja na sauti, na fleshi ya GB 32 inajaa kwa vipindi 40 tu. Nimejaribu kubana kipindi kimoja cha Hisabati cha Kidato cha Pili, mada ya logi, kikashuka hadi MB 92. Kwa ukubwa huo fleshi ileile inabeba vipindi zaidi ya 300, na mwanafunzi anaweza kunakili mada nzima kwenye simu yake wakati wa mapumziko.
>
> Nilichagua kipindi hicho kwa makusudi kwa sababu ndicho kigumu kusomeka. Kizio cha logi huandikwa kidogo chini ya mstari, na kikipotea, somo lote limepotea. Nilipopunguza picha hadi mistari 480, mwalimu alionekana vizuri kabisa lakini mwanafunzi niliyemwonyesha alisoma kizio 3 kama 8. Kwa mistari 720 alisoma vyote bila kubahatisha. Kwa hiyo napendekeza tusishuke chini ya 720 kwa vipindi vya ubaoni, na badala yake tupunguze idadi ya fremu na sauti.
>
> Kazi ya pili, ambayo ndiyo kubwa, ni orodha. Kila video itaingizwa kwenye jedwali lenye somo, kidato, mada, muda, na dakika ambayo kila sehemu ya kipindi inaanzia, ili anayetafuta kanuni ya kuzidisha logi aende moja kwa moja dakika ya 11 bila kupitia salamu na mahudhurio. Kompyuta inaweza kubana video usiku bila mtu, lakini nyakati hizi lazima mtu aliyesoma somo hilo aketi atazame. Naomba kila idara itoe mwalimu mmoja wa kuandika nyakati za video zake.
>
> Video za asili hazitafutwa. Naomba kibali cha kutumia kompyuta za maabara usiku na mwisho wa juma, na diski moja zaidi ya kuhifadhi nakala.
>
> Wako katika ujenzi wa elimu,
> Mwalimu wa TEHAMA

Amri niliyotumia ni hii, kwa wanaopenda kuona:

```
ffmpeg -i asili.mp4 -vf "scale=-2:720,fps=15" \
 -c:v libx264 -preset slow -crf 28 -pix_fmt yuv420p \
 -c:a aac -b:a 48k -ac 1 -movflags +faststart dogo.mp4
```

Kipanga77

Mwalimu mbona unajitesa? Weka folda zima kwenye zip, basi. Mimi nyaraka za ofisi nazizip zinashuka hadi robo.

Mwl_Tehama

Nyaraka zinashuka kwa sababu zina marudio mengi ndani yake. Video imeshabanwa na kamera yenyewe kabla haijafika kwangu, kwa hiyo zip haina cha kutoa. Nimezizip za kwetu na ukubwa ulibaki karibu uleule. Halafu mwanafunzi angelazimika kuwa na nafasi mara mbili kwenye simu ili aifungue.

MkuuMstaafu

Mwalimu, nimewahi kuongoza shule na barua za aina hii nimezipokea nyingi. Yako ni nzuri kuliko nyingi nilizosoma, lakini ombi lako liko mwisho kabisa. Mkuu wa shule anasoma akiwa na mzazi mbele yake na simu inaita. Aya ya kwanza imwambie unaomba nini: maabara usiku, diski moja, na mwalimu mmoja kila idara. Kisha ndipo sababu.

Pili, kilobiti na mistari viende kwenye kiambatisho. Kibakie kile kisa cha 3 kusomeka 8, kwa sababu hicho hata mwalimu wa Historia anakielewa.

Tatu, hujajibu swali ambalo mimi ningeuliza kwanza: nani analala na funguo za maabara? Ukiomba kompyuta ziwake usiku, unaomba pia mlinzi ahusishwe, na umeme ukikatika katikati ya kazi ujulikane utafanya nini.

Na lile la walimu wa idara, andika saa. Ukisema "mwalimu mmoja" bila kusema anatumia muda gani, kila mkuu wa idara atasema walimu wake wamezidiwa, na atakuwa na haki.

Mwl_Tehama

Asante sana mzee wangu, nitaibadilisha hivyo. Kuhusu umeme: ukikatika, faili lililokuwa likitengenezwa linaharibika na halifunguki, lakini yaliyokwisha yako salama. Nimeandika hati inayotengeneza kila faili kwa jina la muda kwanza, likikamilika ndipo linapewa jina lake la kudumu. Asubuhi nikikuta jina la muda, najua hilo ndilo la kurudia.

Kuhusu saa, kipindi cha dakika 40 kinaweza kuandikiwa nyakati kwa dakika 15 hivi kama anayefanya ni mwalimu aliyekifundisha, kwa sababu anajua kinaelekea wapi na anaruka mbele. Mtu mwingine anahitaji kutazama karibu chote.

Neema_Pwani

Weka YouTube kwa kiungo cha siri, ukishusha ubora hadi 144 haili bando kabisa.

Mwl_Tehama

Dada Neema, wanafunzi ninaowalenga hawana bando lolote, hata dogo. Na kwa mistari 144 maandishi ya ubaoni hayapo tena.

FremuKwaFremu

Nimefanya kazi ya kuhariri na kubana video kwa miaka mingi, kwa hiyo niruhusuni niseme kirefu kidogo.

Uamuzi wa kupima kwa maandishi madogo kabisa ni sahihi, na wengi hawaufanyi, wanaangalia uso wa mwalimu. Ila hesabu yake ianze kwenye kamera. Chukua ubao wenye kimo cha sentimita 120. Ukiujaza kwenye picha yote, mistari 720 inakupa 6 kwa kila sentimita, na namba ndogo ya sentimita 2 inapata mistari 12. Hiyo inasomeka. Mpiga picha akirudi nyuma hadi ukuta wote wa sentimita 240 uingie, namba ileile inapata mistari 6, na hapo 3 na 8 ni ndugu hata kabla hujabana chochote. Kwa hiyo video nyingine kwenye diski yako haziokoleki kwa amri yoyote. Zitambue mapema, uziandikie kwenye jedwali kwamba ubao hausomeki, usikilizaji tu.

La pili, usitarajie mengi kutoka kwenye fps=15. Kodeki haihifadhi kila fremu nzima, inahifadhi kilichobadilika tangu fremu iliyopita. Ubao uliosimama haubadiliki, kwa hiyo fremu za ziada zilikuwa karibu bure tangu mwanzo. Utapata nafuu, lakini haitakuwa nusu.

Kinachokula nafasi hasa ni chengachenga za giza. Jaribu amri yako ileile kwenye kipindi kilichorekodiwa chumba chenye mwanga hafifu, kisha utuambie kimetoka na ukubwa gani.

Mwl_Tehama

Mkuu umenigusa penyewe. Kipindi cha Fizikia cha jioni, urefu uleule wa dakika 40, CRF ileile, kimetoka MB 240. Nilidhani ni kwa sababu ya vifaa vya majaribio vinavyosogea mezani.

FremuKwaFremu

Ni giza. Kamera ikikosa mwanga inaongeza unyeti, na picha inajaa vidoadoa vinavyobadilika kila fremu. Kwa jicho ni ukuta mweupe, kwa kodeki ni kitu kipya kila mara, na CRF ikiambiwa itunze ubora inatunza na vidoa hivyo. Utajua ukisimamisha video na kukuza sehemu ya ukuta usio na kitu. Ukiona mchanga unaochezacheza fremu kwa fremu, ndiyo hiyo.

Kuna kichujio cha kuulainisha kabla ya kubana. Anza na kipole, kwa kuongeza hiki mbele ya scale:

```
-vf "hqdn3d=1.5:1.5:6:6,scale=-2:720,fps=15"
```

Namba mbili za mwanzo zinalainisha ndani ya fremu moja, hizo ziache ndogo kwa sababu ndizo zinazofuta chaki hafifu. Mbili za mwisho zinalinganisha fremu na fremu, na kwa ubao uliosimama zinafanya kazi vizuri. Ukizidisha utaona mkono wa mwalimu unaacha mkia wa kivuli nyuma yake. Hapo rudi chini.

Ila dawa ya kweli ni madirisha na taa siku ya kurekodi. Hakuna kichujio kinachorudisha chaki ambayo kamera haikuiona.

Mwl_Fizikia

Naomba nitetee fremu. Mimi nafundisha mwendo wa pendulamu na mawimbi kwenye beseni la maji. Kwa fremu 15 mawimbi ya beseni yanaonekana yanasimama au yanarudi nyuma, na mwanafunzi anajifunza uongo. Mkitengeneza kanuni moja ya shule nzima, majaribio yangu yaachwe kwenye fremu 25 au 30 kama yalivyorekodiwa.

FremuKwaFremu

Ana haki. Na kwa kuwa fps=15 inaokoa kidogo, mimi ningeiondoa kwa sayansi zote, msiingie kwenye mabishano ya kipindi kipi kina majaribio na kipi hakina.

Mwl_Tehama

Sawa, sayansi zote zitabaki na fremu zake. Kwenye jedwali nitaongeza safu ya aina ya kipindi, ubaoni au majaribio, ili hati isome yenyewe.

Rashidi_IT

Kwa nini H.264 zama hizi? H.265 inakupa ubora uleule kwa karibu nusu ya ukubwa. Hiyo MB 92 ungeifikisha 50.

FremuKwaFremu

Kwa ukubwa uko sahihi, kwa maandishi na picha tulivu faida ni kubwa kweli. Lakini simu ya zamani isiyo na chipu ya kufungua H.265 inalazimika kuifungua kwa prosesa yake. Video inakwamakwama, simu inachemka, betri inaisha kabla ya kipindi. Nyingine zinatoa sauti tu na skrini nyeusi. Swali ni simu mbovu kuliko zote iliyopo darasani, siyo iliyo mfukoni mwako.

Rashidi_IT

Basi tengenezeni zote mbili.

FremuKwaFremu

Na mwanafunzi atajuaje achukue ipi? Bado naona moja inatosha.

FundiSauti_K

Hili halijaguswa: -ac 1. Mimi hurekodi kwaya na sherehe. Kuna kazi moja nilirekodi kwa maikrofoni ya kifuani iliyounganishwa kwa waya usio sahihi, upande wa kulia ukawa kinyume cha wa kushoto. Kwenye spika mbili sauti ilisikika ya ajabu kidogo tu. Nilipounganisha pande zote kuwa moja, zikafutana, mhubiri akapotea, ikabaki mwangwi wa ukumbi. Sasa nyie mnaendesha usiku bila mtu, mtaamka na video zilizo bubu.

Tumia upande mmoja badala ya kuchanganya:

```
-af "pan=mono|c0=c0"
```

Hii inachukua upande wa kwanza pekee. Ila hakikisha upande huo ndio wenye sauti, maana maikrofoni nyingine huandika upande mmoja tu na mwingine unabaki kimya.

Mwl_Tehama

Asante fundi. Hili nitalichukulia hatua rahisi: kila faili likitoka, hati inapima wastani wa sauti kwa kichujio cha volumedetect, na lililoshuka sana kuliko la asili linawekwa kando nilisikilize mwenyewe. Sitabadilisha njia kwa mafaili yote kwa ajili ya yale machache.

Mkutubi_Mkongwe

Nimesoma uzi wote na mnaongea kubana, kubana. Barua yenyewe imesema orodha ndiyo kazi kubwa, basi niulize: majina ya mafaili yatakuwaje?

Mwl_Tehama

Mfano wa mstari mmoja ni huu:

```
faili,somo,kidato,mada,muda,nyakati
HIS-K2-07-03.mp4,Hisabati,2,Logi,39:40,"02:10 maana; 11:35 kanuni ya kuzidisha; 24:00 maswali"
```

HIS ni Hisabati, K2 kidato, 07 ni mada ya saba ya muhtasari, 03 ni kipindi cha tatu cha mada hiyo. Hakuna nafasi wala alama za ajabu kwenye jina.

Mkutubi_Mkongwe

Hapo ndipo tutagombana kidogo mwanangu. Umefunga jina la faili kwenye muhtasari wa masomo. Muhtasari ukibadilika, logi ikahamia Kidato cha Tatu au ikawa mada ya tano, utafanya nini? Ukibadilisha majina, nakala zote zilizoko kwenye simu za watoto zinakuwa na majina ya zamani, na hakuna atakayejua kama video ya huyu ni ileile ya yule. Usipobadilisha, jina linadanganya.

Maktaba tulishajifunza hili: kitabu kinapewa namba ya kuingilia ambayo haina maana yoyote na haibadiliki kamwe, na maana yote inakaa kwenye kadi. Ziite V0001, V0002, na kuendelea. Somo, kidato na mada vikae kwenye jedwali, ambalo unaweza kulirekebisha kila mwaka bila kugusa hata faili moja.

Na ongeza safu ya maneno anayotumia mwanafunzi mwenyewe. Muhtasari unasema "vipeo na logi". Mtoto anatafuta "namba ndogo ya juu". Neno hilo lisipokuwepo kwenye orodha, kwake video haipo.

Mwl_Tehama

Safu ya maneno ya wanafunzi naichukua leo hii, na nitawaomba wao wenyewe waijaze. Kwenye majina bado sijashawishika. Video moja itarushwa kutoka simu hadi simu kwa blututhi, bila jedwali. Anayepokea V0183 hajui amepokea nini. Anayepokea HIS-K2-07-03 angalau anajua ni Hisabati ya Kidato cha Pili.

Mkutubi_Mkongwe

Basi V0183_logi-kuzidisha.mp4. Namba mbele haibadiliki, maneno nyuma ni msaada tu.

Mwl_Tehama

Hiyo inaingia akilini. Tatizo ni kwamba kwenye folda zitajipanga kwa mpangilio wa kurekodiwa, siyo wa kufundishwa, na wengi watafungua folda tu. Nitaipeleka kwa walimu wa idara waamue.

Anko_Mtandao

Wanafunzi wataiona hiyo orodha kwa njia gani? Sisi tulitengeneza ukurasa mzuri wa index.html tukauweka kwenye fleshi pamoja na video. Kwenye kompyuta safi kabisa. Kwenye simu za Android ukurasa unafunguka lakini ukibonyeza video hakuna kitu. Hatujui kwa nini hadi leo.

FremuKwaFremu

Kidhibiti cha mafaili cha simu kinaukabidhi ule ukurasa kwa kivinjari kama faili moja pekee, kwa anwani inayoanza na `content://`. Kivinjari hakijui folda uliyotoka, kwa hiyo viungo vya kwenda mafaili jirani vinakosa pa kwenda. Siyo kosa la ukurasa wenu. Ama mtumie orodha kama faili la kusoma tu, na video wazifungue kwa VLC, ama muweke kompyuta ndogo kama Raspberry Pi inayorusha Wai-Fai yake yenyewe, wanafunzi waunganishwe na kufungua kama tovuti.

Hapo MB 92 zinakuwa na faida nyingine. Wanafunzi 30 wakitazama kwa pamoja kwa kilobiti 310 kila mmoja, jumla haifiki megabiti 10 kwa sekunde. Kwa video za asili ingekuwa karibu 80, na Wai-Fai ya kifaa kidogo kama hicho ingekwama. Hata hivyo Wai-Fai iliyomo ndani ya Raspberry Pi haikubali darasa zima kwa wakati mmoja, utahitaji ruta ya kawaida kando yake.

Anko_Mtandao

Tulijaribu pia `python3 -m http.server`. Video zinacheza ila ukivuta mbele zinagoma au zinarudi mwanzo.

FremuKwaFremu

Seva hiyo haijui kutoa kipande cha faili, inatoa faili zima tangu mwanzo. Tumia nginx, inafanya hivyo bila kuongezewa kitu. Na kwa mwanzisha uzi hili ni muhimu kuliko kwa mwingine: orodha yake ya dakika ni bure kama mwanafunzi hawezi kurukia dakika ya 11.

Mama_Wawili

Mimi ni mzazi, siyo fundi. Mwanangu aliwahi kukaripiwa mbele ya darasa wakati kamera inarekodi. Video hiyo ipo mahali. Mkizigawa kwenye fleshi zitafika kila nyumba na hazitarudi. Barua haijasema lolote juu ya hilo.

Mwl_Tehama

Mama, umesema jambo ambalo lazima liingie kwenye barua. Anayeandika nyakati ndiye atakayetazama video, kwa hiyo yeye ndiye atie alama kila mahali ambapo mwanafunzi anatajwa kwa jina, anakaripiwa au anaonekana uso. Sehemu hizo zitakatwa kabla ya kubanwa, na video haitatoka mpaka mwalimu aliyefundisha atie saini kwenye jedwali. Hii ina maana kwamba zile dakika 15 hazitoshi, maana hawezi tena kuruka mbele. Nitaandika saa nzima kwa kila video.

MkuuMstaafu

Ukiandika saa nzima, anza na mada moja ya somo moja, siyo diski yote. Mimi ningekusainia hiyo bila kuitisha kikao. Na watoto ambao wazazi wao hawataki waonekane kabisa, hata kwa nyuma?

Mwl_Tehama

Mada itakuwa logi, vipindi vyote vya Kidato cha Pili. Ubaoni kamera inaangalia mbele, kwa hiyo ni visogo vya safu ya kwanza tu vinavyoonekana. Visogo hivyo sijui kama mzazi atavikubali, nitamwachia Mkuu wa Shule aulize kwenye kikao cha wazazi. Aya mpya ya kwanza inasomeka hivi:

> Naomba kibali cha mambo matatu kwa majaribio ya mada moja, Logi, Kidato cha Pili: kompyuta nne za maabara ziwake usiku kwa makubaliano na mlinzi; diski moja ya nje kwa ajili ya nakala ya video za asili; na mwalimu mmoja wa Hisabati apewe saa moja kwa kila video ya kutazama, kuandika nyakati na kutia alama sehemu za kukatwa. Hakuna video itakayomfikia mwanafunzi kabla ya saini ya mwalimu aliyeifundisha.

Mkutubi_Mkongwe

Ongeza kwamba jedwali litachapishwa pia kwa karatasi na kubandikwa maktaba. Na lile la majina ukishaamua, turudishie jibu hapa.